Kina cha bega ambacho hakikuandikwa kwenye plani

*Yaya, jambo. Mimi ni turneri katika ateli moja ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Nimeletewa plani ya nyumba ya beringi yenye tundu la ngazi tatu za kipenyo: 62, 50 na 55. Kwenye kupe A-A naona urefu wote ni 68 na kina cha 55 ni 8, lakini kina cha 62 hakipo popote. Mtazamo wa juu umejaa mistari ya kukatika-katika, na kuna namba 30 ambayo sijui ni ya nini. Mkubwa wangu anasema nipime kwa rula kwenye karatasi, nizidishe mara mbili. Nifanye hivyo?*

Usipime kwa rula, ndugu yangu. Nimeitazama picha ya plani uliyotuma: kina cha 62 ni milimita 38, na mchoraji amekupa kila kitu cha kukifikia. Amekigawa tu katika mitazamo miwili, na ndiyo maana ukitazama mmoja peke yake hukioni. Ile 30 inayokusumbua ndiyo ufunguo. Nitakupitisha njia nzima, kwa sababu plani ya kesho haitakuwa na namba hizi.

Anza na kupe A-A. Mle ndani kipande kimepasuliwa kwa urefu, kama mtu aliyepasua muwa. Panapojaa mistari ya mshazari ni chuma kilichoguswa na msumeno wa kufikirika. Pasipo na mshazari ni wazi, yaani tundu lenyewe. Fuata ukingo wa mshazari kwa kidole kuanzia kushoto. Unakwenda sawa juu ya ukuta wa 62, kisha unakatiza na kushuka: hilo ni bega la kwanza, ambalo beringi italiegemea. Unaendelea juu ya ukuta mwembamba wa 50, kisha unapanda kidogo kwenda 55, na hapo ndipo inapokaa sili ya mafuta. Unatokea kulia, nyuma ya kipande. Kwa hiyo kupe imekwambia mpangilio: 62 inafunguka mbele, 55 inafunguka nyuma, na 50 iko katikati kama ukuta unaozitenganisha. Imekupa pia vipimo viwili vya urefu, 68 ya kipande chote na 8 ya chumba cha sili. Haijakwambia bega la 62 liko wapi.

Kuna kitu kimoja kwenye kupe hiyo ambacho vijana wengi hukipita bila kukiona. Mahali pa kila bega, mstari wa wima haukomei kwenye mshazari. Unavuka sehemu iliyo wazi, kutoka juu hadi chini, kwa mstari mzito uliojaa. Wengine hudhani ni kosa la mchoraji: mstari umetoka wapi katikati ya hewa? Ni bega lenyewe, ile nusu yake iliyobaki upande wa pili wa mpasuo. Bega ni duara bapa. Ukilitazama kwa ubavu unaona mstari mmoja tu, na urefu wa mstari huo ni sawa na kipenyo kikubwa kati ya vile viwili vinavyokutana hapo. Bega kati ya 62 na 50 huchora mstari wenye urefu wa 62. Bega kati ya 50 na 55 huchora mstari wenye urefu wa 55. Shika hilo, maana ndilo litakalokuonyesha ile 30 ni ya nani.

Sasa shuka kwenye mtazamo wa juu, uliochorwa chini ya kupe. Huku hakuna kilichopasuliwa, kwa hiyo tundu lote limefichwa ndani ya chuma na linachorwa kwa mistari ya kukatika-katika. Kwenye kupe mchoraji kwa kawaida haweki mistari iliyofichika, kwa kuwa kazi ya kupe ni kuiondoa. Kwenye mtazamo wa juu ameiacha kwa makusudi, kwa sababu amefunga kipimo kwenye mmoja wao. Mitazamo hii miwili imepangwa juu na chini, kwa hiyo inashiriki umbali ule ule wa kulia na kushoto. Chukua rula, safari hii si ya kupimia bali ya kunyooshea tu. Iweke wima kwenye bega la kwanza la kupe, uishushe hadi mtazamo wa chini. Itatua juu ya mstari wa wima wa kukatika-katika. Fanya hivyo hivyo kwa bega la pili. Utakuta mistari miwili ya wima iliyofichika, na kila mmoja una pacha wake juu kwenye kupe.

Ile 30 imefungwa kati ya mistari miwili ya kuongozea, ile myembamba inayotoka kwenye kipande na kubeba mishale. Mstari wa kulia unatoka kwenye uso wa nyuma. Wa kushoto unatoka kwenye mmoja wa mistari ya wima iliyofichika. Swali lote ni: upi? Ufuate ndani ya kipande, uone mstari huo wa wima unaanzia na kuishia kwenye ukuta gani. Kwenye picha yako ncha zake zinakutana na jozi ya nje ya mistari ya mlalo, ile inayotoka uso wa mbele. Hiyo ni jozi ya 62. Ule mwingine wa wima ni mfupi kidogo na ncha zake zinagusa jozi inayotoka nyuma, ya 55. Plani yako imeandikwa 1:2, yaani imechorwa nusu ya ukubwa wa kweli, kwa hiyo tofauti kwenye karatasi ni chini ya milimita mbili kila upande. Si kubwa, lakini jicho linaiona ukiwa na mwanga mzuri. Basi 30 inakwenda kutoka uso wa nyuma hadi bega la 62, na hesabu ni fupi:

68 − 30 = 38

Sehemu ya 50 nayo inajitoa yenyewe, 30 − 8 = 22. Ukijumlisha 38, 22 na 8 unarudi kwenye 68.

Hapo kaa kidogo, kwa sababu jumla kurudi vizuri si ushahidi. Tuseme umeusoma mstari wa kulia vibaya, ukadhani unatoka kwenye bega la sili badala ya uso wa nyuma. Utasema 30 ni urefu wa 50. Kisha 68 toa 8 toa 30 unapata 30 kwa kina cha 62. Nayo 30, 30 na 8 inarudi 68 safi kabisa. Mwingine ataona tu namba 30 karibu na tundu na kusema ndiyo kina, akapata jibu lile lile kwa njia nyingine, na wawili hao watapeana mkono wakiwa wamekosea wote. Hesabu hujui imefunga nini mpaka ujue kila mshale unasimama wapi.

Njia ya kujua ni kutazama mstari wa kuongozea unapotoka. Ukitoka kwenye uso wa nyuma, unaendeleza ukingo mzito wa nje ya kipande na hauingii ndani hata kidogo. Ukitoka kwenye bega la sili, lazima uonekane ukikata mwili wa kipande, mwembamba, milimita chache kushoto kwa ukingo. Kwenye karatasi iliyotoka kwenye simu ikachapishwa, mistari hiyo inaweza kufifia usijue upi ni upi. Ikiwa hivyo, omba picha nyingine iliyopigwa karibu.

Kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe nikiwa kijana, kwenye ateli ambayo sitaitaja, kwa nyumba ya chuma cha kusubu inayofanana sana na yako. Nilikereza 30 kutoka mbele, nikaitoa kwenye mandrini, nikajisifu. Fundi wa kufunga alipoweka beringi mbili, zilitokeza nje milimita 2. Kifuniko kina shingo ya milimita 6 inayoingia kuzishika. Kikabaki kimesimama milimita 8 juu ya uso wake, na bolti zote zikawa fupi. Bahati ni kwamba nilikuwa nimekosea kwa upande mfupi: chuma kilikuwa bado kipo. Lakini kurudisha kipande kwenye mandrini na kukiweka tena katikati kwa kompareta, ile saa ya kupimia yenye sindano, ili 62 isipoteze mstari wake na chumba cha sili, kulinila nusu ya siku. Ningekosea kwa upande mrefu, pasingekuwa na la kufanya ila kutengeneza pete ya kujaza nafasi au kutupa kipande. Tangu siku ile, bega ambalo kina chake nimekitoa kwa hesabu halipati pasi ya mwisho kabla sijauliza kitu kinachoingia ndani.

Na wewe unacho. Kwenye orodha ya vipande vya plani yako imeandikwa 6206, mara mbili. Beringi ya 6206 ina tundu la 30, kipenyo cha nje 62 na upana 16, popote itakaponunuliwa, kwa sababu vipimo hivyo ni vya kiwango cha kimataifa. Mbili ni 32. Ukiweka shingo ya kifuniko ya milimita 6, ambayo iko kwenye plani ya kifuniko uliyotuma pamoja, unapata 38. Huyo ni shahidi wa pili, na hakutoka kwenye mistari ile ile. Kina cha 30 hakiwezi hata kumeza beringi zenyewe.

Kuna mtazamo wa tatu ambao hukuutaja, ule wa mbele wenye maduara. Hautoi kina, lakini unathibitisha upande. Ukitazama kutoka mbele unaona duara la 62 na la 50 kwa mstari uliojaa, kwa kuwa hakuna kinachoyaziba. Duara la 55 limekatika-katika kwa sababu liko nyuma ya ukuta wa 50. Duara lililojaa linafunguka upande wako, lililokatika linafunguka upande wa pili. Angalia tu alama ya koni iliyokatwa ncha kwenye kartushi, kile kisanduku cha maelezo pembeni mwa plani. Plani nyingi za kwetu zimefuata utaratibu wa Ulaya, ambapo mtazamo wa kutoka kushoto unachorwa kulia. Plani ya mashine ya Kimarekani hugeuza, na ukichanganya hapo utaipeleka sili upande wa beringi.

Usihangaishwe pia na mistari mifupi ya kukatika-katika kwenye flanji. Ni matundu manne ya bolti. Yanaingia upande mmoja wa flanji na kutokea upande wa pili, milimita 14 tu, na hayana mstari wa wima wa kuyafunga ndani.

Sasa rula ya mkubwa wako. Namheshimu, na najua kwa nini anasema hivyo, maana zamani plani zilifika zikiwa zimechorwa kwa mkono kwenye karatasi safi. Yako imepita kwenye simu. Kwa kipimo cha 1:2, ile 68 ilitakiwa iwe 34 kwenye karatasi. Nilichapisha faili yako hapa kwangu, nikapata 32,9. Ukizidisha mara mbili, kipande chote tayari kimepungua zaidi ya milimita 2, na kina chako kitapungua nacho. Kama unataka karatasi iseme kitu, iulize uwiano. Kutoka uso wa mbele hadi bega nilipata 18,4. Gawanya kwa 32,9, zidisha kwa 68, unapata kama 38,0. Hiyo inatosha kukuambia ni 38 na si 30. Haitoshi kukuambia ni 38 na si 37,6, kwa hiyo isiwe chanzo cha namba unayokereza. Na kama kipimo chochote kimepigwa mstari chini yake, mchoraji anakwambia kwamba hicho hakikuchorwa kwa uwiano. Hapo hata huu ushahidi mdogo unakufa.

Linalobaki ni jinsi ya kukikereza, na hapa ndipo naona watu waliosoma plani vizuri wakiharibu kazi. Ukishapata 38, mkono unataka kuiandika kwenye karatasi na kuipa toleransi yake, yaani kiasi inachoruhusiwa kuzidi au kupungua. Usifanye hivyo. Kartushi yako inasema ISO 2768-m kwa vipimo visivyo na toleransi. Kwa kiwango hicho, 68 inaruhusiwa kuongezeka au kupungua 0,3, na 30 inaruhusiwa 0,2. Kina chako hakina toleransi yake mwenyewe. Kinabeba za wote wawili. Kinaweza kuwa 38,5 pale urefu ukiwa 68,3 na ile 30 ikiwa 29,8, na kinaweza kuwa 37,5 kwa upande wa pili. Ukijifanyia 38 yako na kuipa 0,3, unaweza kukereza kina cha 38,3 kwenye kipande chenye urefu wa 67,7. Vipimo vyote viwili utaviona vizuri kwenye kalipa. Lakini chuma kilichobaki nyuma ya bega ni 29,4, na plani ilitaka isipungue 29,8. Mkaguzi atakirudisha, na atakuwa na haki, kwa sababu mchoraji alipima bega kutoka nyuma.

Kwa hiyo fanya hivi. Shika kipande upande wa flanji, sawazisha uso wa nyuma, toboa 50 na ukereze 55 kwa kina cha 8. Uso huo ndio msingi wako. Geuza, kiweke katikati kwa kompareta, sawazisha uso wa mbele mpaka ukaribie 68, kisha pima urefu ulioupata kweli. Tuseme ni 68,14. Toa 30: kina unachokereza ni 38,14, wala si 38. Kipande kingine kikitoka 67,92, kina chake ni 37,92. Bega linakaa mahali pake palepale kila mara, na tofauti inakwenda mbele, kwenye kifuniko, ambako fundi wa kufunga huimaliza kwa unene wa gasketi.

Acha robo ya milimita kwenye bega wakati unapanua 62, uimalize pamoja na pasi ya mwisho ya kipenyo. Kipenyo kimeandikwa H7, maana yake kati ya 62,00 na 62,03, na hapo kalipa haikufai. Tumia mikromita ya ndani. Kwa kina, mkia wa kalipa unatosha kwa kukaribia, lakini usiusukume hadi konani. Kisu kinaacha mviringo mdogo pale ukuta unapokutana na bega, na mkia ukipanda juu ya mviringo huo unakudanganya kwamba kina ni kifupi. Uweke katikati ya upana wa bega, ambao ni milimita 6. Na kisu chenyewe kiwe na ncha ya mviringo wa 0,8 au chini yake, kwa sababu kona ya 6206 imekatwa milimita 1 kwa uchache. Ncha kubwa kuliko hiyo itaishikilia beringi kwenye kona kabla haijafika kwenye bega, na utaanza kutafuta kosa la kina ambalo halipo.

Itakuja plani ambayo haina ile 30. Utashusha rula kutoka kupe hadi mtazamo wa juu, utaupata mstari wa bega, na hautakuta mshale wowote unaousimamia, si kwenye kupe, si juu, wala pembeni. Hapo hakuna hesabu itakayokusaidia, kwa sababu kila hesabu ya kutoa inahitaji kipimo kinachoishia kwenye bega hilo. Upana wa beringi utakupa wazo, usikupe ruhusa. Piga picha ya mtazamo huo, zungushia mstari kwa kalamu nyekundu, na umwandikie mwenye plani sentensi moja: "Bega hili la 62 liko umbali gani kutoka uso wa nyuma, na kwa toleransi gani?"